Kompyuta Isiyo na Skrini Nyumbani kwa Shangazi

Juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga ya shangazi yangu, Morogoro, kumebandikwa kikasha cha plastiki chenye taa ndogo ya kijani. Ndani yake mna Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ya kibao kimoja chenye urefu wa sentimita 6.5 na upana wa 3. Haina skrini, kibodi wala kipanya. Kazi yake ni kusoma joto la mayai kila dakika, kuliandika kwenye faili na kunitumia Dar es Salaam. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 au karibu na hapo kwa siku 21, na joto likishuka nampigia shangazi simu aangalie.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kuanza: utaiwekaje sawa kompyuta usiyoiona? Hapo ndipo rahisi kuliko pote. Kwenye laptopu unafungua programu iitwayo Raspberry Pi Imager, unachomeka memori kadi, na kabla ya kuandika mfumo unajaza mambo manne: jina la kompyuta, jina la mtumiaji na nenosiri lake, waifai ya nyumbani, na ruhusa ya kuingia kwa SSH. Mimi niliiita kompyuta `mayai`, mtumiaji nikamwita `mlinzi`. Kadi ikishaingia na umeme ukawaka, unasubiri dakika chache, kisha ukiwa kwenye waifai ileile unaandika:

```
ssh mlinzi@mayai.local
```

Ukikubaliwa, kila unachoandika kwenye laptopu kinatendeka kule ndani ya kikasha. Isipopatikana, angalia kwanza ruta. Zero 2 W inasikia waifai ya 2.4 GHz tu. Ukiipa jina la mtandao wa 5 GHz itakaa kimya bila kukueleza sababu. Kuingia ukiwa mji mwingine kunahitaji jambo moja zaidi, kwa kuwa ruta inayotumia laini ya simu kwa kawaida haipati anwani yake yenyewe ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Kwa hiyo Pi ndiyo inayotoka kutafuta njia. Mimi niliweka Tailscale, nayo huifanya laptopu yangu na Pi zionane kana kwamba ziko chumba kimoja.

Wiki mbili mambo yalienda vizuri. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi alfajiri, na joto halikufika kwangu tena. Saa tatu asubuhi shangazi akapiga mwenyewe. "Mwanangu, taa yako inawaka, ila leo mbona hujanisumbua?"

Taa ilikuwa inawaka kweli. Hata kuingia niliingia bila shida. Kompyuta ilikuwa nzima. Programu ndiyo iliyokuwa imelala.

Pi haina kitufe cha kubonyeza ndipo iwake. Umeme ukifika tu, inawaka. Programu yako haifuati yenyewe, mpaka uikabidhi kwa `systemd`, msimamizi wa programu ndani ya mfumo. Mimi nilikuwa nimeikabidhi, tena kwa agizo la kuiwasha upya kila ikifa. Sasa mbona imelala? Niliandika `systemctl status joto`, na jibu likawa na maneno haya: `Start request repeated too quickly`. Yaani: imeombwa kuanza mara nyingi mno kwa haraka.

Kilichotokea ni mbio kati ya vifaa viwili. Umeme uliporudi, Pi iliwaka na kuanza programu kabla ya dakika moja kwisha. Ruta ya shangazi huchukua kama dakika tatu kupata mtandao. Programu ikaanza, ikatafuta mahali pa kutuma joto, ikakosa, ikafa. Msimamizi akaiwasha tena baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, ikafa tena. Usipomwambia vingine, `systemd` huvumilia majaribio matano ndani ya sekunde kumi. Likizidi hapo, hunawa mikono na hairudii tena hata mtandao ukija. Majaribio yangu yote yaliisha ruta ikiwa bado inapepesa taa.

Tiba yake ni mstari mmoja. Faili nzima, `/etc/systemd/system/joto.service`, sasa iko hivi:

```
[Unit]
Description=Joto la mayai

[Service]
User=mlinzi
ExecStart=/usr/bin/python3 /home/mlinzi/joto.py
Restart=always
RestartSec=30

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wenyewe ni `RestartSec=30`. Programu ikifa, msimamizi anasubiri nusu dakika kabla ya kuiamsha, kwa hiyo haiwezi kufika mara tano katika sekunde kumi. Baada ya kuandika faili:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now joto
```

Neno `enable` ndilo linaloifanya ianze kila kompyuta inapowaka. Ukiandika `start` peke yake itafanya kazi mpaka umeme ukatike, na hapo ndipo utakapojua ulisahau. Baadaye nilibadili programu yenyewe pia: inaandika joto kwenye faili kwanza, ndipo inajaribu kutuma. Kukosa mtandao si sababu ya kuacha kupima.

Faili hiyo ndiyo iliyonionyesha kosa la pili. Umeme ulipokatika tena, mstari wa mwisho kabla ya giza ulisema 02:10, nyuzi 37.4. Uliofuata ulisema 02:11, nyuzi 29. Mayai hayapoi nyuzi nane kwa dakika moja. Mistari miwili baadaye saa ikaruka hadi 06:20.

Zero 2 W haina betri ya saa. Ikizimwa haijui muda uliopita. Ikiwaka inaendelea na saa iliyoihifadhi mara ya mwisho, mpaka iulize saa sahihi kwenye intaneti. Giza la saa nne likawa limefutika kwenye kumbukumbu. Ungeweza kuiamuru programu isubiri saa irekebishwe, lakini siku ambayo intaneti haipo kabisa hutapima chochote. Nilinunua kipande cha DS3231, saa ndogo yenye betri yake, nikakiunganisha kwa nyaya nne.

Limebaki la kadi. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, inaweza kuharibika kiasi kwamba mfumo hauwaki tena, na hapo hakuna SSH ya kukuokoa. Kwenye `raspi-config`, chini ya Performance Options, kuna Overlay File System: ukiiwasha, kadi inasomwa tu na yote yanayoandikwa yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika, hayo yote yanapotea, kwa hiyo faili ya joto niliihamishia kwenye flashi. Hata flashi inaweza kuharibika vilevile, ila ikifa napoteza namba tu, kompyuta inawaka. Iwashe ukishamaliza kila kitu, maana baada ya hapo hakuna marekebisho yanayobaki. Pamoja na hayo, shangazi ana kadi ya akiba ndani ya bahasha, na anajua inaingia upande gani.

Wewe ukitengeneza yako, usiipeleke inakokwenda kabla hujaijaribu. Zima swichi kuu ya nyumba, ruta na Pi zizimike pamoja, subiri dakika kumi, washa, kisha kaa bila kugusa kitu. Fanya hivyo mara tano. Yangu ilishindwa mara ya tatu kwa sababu ya chaja ya simu niliyokuwa nimeichomeka. `vcgencmd get_throttled` ilijibu `0x50000`, maana yake umeme ulipungua tangu ilipowaka. Jibu linalotakiwa ni `0x0`.