Meneja alipojikwaa ulimi mbele ya wageni wake

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii niliikumbuka mwaka jana, pale aliyekuwa mwanafunzi wangu aliponijia ofisini amenuna. Alikuwa ameajiriwa pamoja na wenzake 10 katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda, na tayari alikuwa amekatwa ujira wa siku nzima. Kisa na maana, hotuba ya makaribisho.

Asubuhi ile ya kwanza meneja aliwakusanya uani, akatoa kurasa 4 zilizopigwa chapa, akasoma kwa muda wa dakika 25. Katika ukurasa wa tatu akatamka kwamba kuanzia kesho yake wataingia kazini "saa saba na nusu". Karatasini paliandikwa 7.30. Meneja alizisoma tarakimu kwa Kiswahili lakini akasahau kuibadili saa yenyewe. Kwa kuwa kiwanda hicho kina zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, wageni 3 walidhani kwamba wamepangiwa ile ya mchana. Siku ya pili wakawasili saa saba na robo, jua la utosi, wakijipongeza kwa kuwahi, kumbe wamekwisha kuandikwa watoro.

"Mbona hamkuuliza?" nilimsaili. Akanijibu kwamba meneja alipomaliza kusoma aliuliza, "Mmeelewa?" nao wakaitika kwa sauti moja, "Ndiyo!" Naam, ni nani angethubutu kujibu la mbele ya mkubwa wake mpya?

Meneja huyo, ambaye nilikuja kujuana naye kwa sababu ya kisa hiki, si mtu mbaya hata kidogo. Ujira uliokatwa aliurudisha, kisha akanipa hotuba yake niipitie. Ilianza hivi: "Kwa niaba ya bodi ya wakurugenzi na kwa niaba yangu binafsi, ningependa kuchukua fursa hii kuwakaribisha..." Walimu wenzangu wanaitambua sentensi hii, kwani ndiyo tunayowafunza wanafunzi katika insha ya hotuba, nasi huipa alama. (Lawama hii najitwika mwenyewe kwanza.) Anayesema "ningependa kukukaribisha" hajakaribisha bado; ametangaza tu haja yake ya kukaribisha. Mswahili husema "Karibuni," akanyamaza, akasubiri aambiwe "Asante" au "Tumekaribia". Neno hili hudai jibu, na ni katika jibu hilo ndipo mgeni anapoisikia sauti yake mwenyewe mahali pageni kwa mara ya kwanza. Meneja aliyelisoma pasi na kutua aliwanyima wageni wake zamu yao ya kusema.

Kosa la pili lilijificha katika kauli ya kutendwa. Ukurasa mzima ulisheheni "mnatarajiwa", "mnatakiwa", "mnakatazwa". Kiswahili huturuhusu kumwacha mtenda katika kauli hii, na katika barua ya serikali hilo halina neno. Lakini kijana aliyesimama uani anapoambiwa "mnatakiwa mripoti kwa anayehusika", anabaki akijiuliza: anayetaka ni nani, na anayehusika yuko wapi? Laiti angeambiwa, "Mkipata shida, mwendeeni mama huyu," huku mama mwenyewe akiinua mkono, angejua la kufanya.

Kuna pia kiambishi "tu-". Meneja alisema, "Tunataka bidii," kisha, "Tutakula saa saba." Wasemaji wa Kimalei wana maneno mawili hapa: "kita" humjumuisha anayeambiwa, na "kami" humwacha nje. Kiswahili kina "sisi" moja tu, na msikilizaji sharti akisie kama yumo au hayumo. "Tunataka bidii" humtoa nje mgeni, maana yeye ndiye anayedaiwa bidii hiyo. "Tutakula" huenda ikamwingiza, huenda isimwingize, na mtu mwenye njaa hapendi kukisia. Dawa ni nyepesi: "Mimi na ninyi tutakula pamoja."

Swali gumu lilikuwa la urefu. Meneja alishikilia kwamba habari za likizo, muda wa majaribio, nidhamu na bima sharti zisemwe. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake masharti ya kazi kwa maandishi, katika muda usiopita miezi 2 tangu kazi kuanza. Mambo hayo basi yana karatasi yake. Msomaji anaweza kurudi nyuma akasoma tena, ilhali msikilizaji hana ukurasa wa kufunua: lililompita limempita. Tukakubaliana kwamba hotuba ibebe tu yale ambayo mgeni atayahitaji kabla ya jua kutua siku hiyo, pamoja na saa ya kurudi kesho. Hata usalama wa mashine tuliuondoa. Huo utaonyeshwa penye mashine yenyewe, kwa mkono na jicho.

Baada ya kufuta na kuandika mara kadhaa tulibaki na maneno haya. Majina nimeyaacha.

"Hamjambo? (Asubiri.) Karibuni sana. (Asubiri tena.) Mimi ndiye meneja wa hapa. Nami niliingia kwa lango lile lile mliloingia ninyi, na siku ya kwanza sikujua hata choo kiko wapi. Kwa hiyo nawaambia mapema: choo kiko nyuma ya ghala lile. Mama huyu ndiye msimamizi wenu. Jambo lolote msilolijua, mwulizeni yeye, hatachoka. Sasa hivi atawapeleka mkachukue ovaroli na gambuti, kisha atawaonyesha mashine moja moja. Msiguse mashine yoyote kabla hajawaonyesha. Saa saba mchana mimi na ninyi tutakula pamoja kantini. Leo mtatoka saa kumi jioni. Kesho mtaingia saa moja na nusu asubuhi. Mtambo wa langoni utaandika 7:30. Ni saa hiyo hiyo moja na nusu. Haya, nani ataniambia: kesho mnaingia saa ngapi?"

Tulipoipima kwa saa yangu, pamoja na vituo vya kusubiri majibu, haikufika dakika 2. Meneja alinung'unika kwamba ni fupi mno kwa mtu wa cheo chake. Nikamwomba asiisome bali aiseme, na kama kumbukumbu itamsaliti, aandike kiganjani maneno manne tu: choo, mama, chakula, saa. Mpangilio wake haukuwa wa bahati nasibu. Saa ya kesho tuliiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeleta balaa, na kwa kuwa la mwisho kusikika ndilo huondoka na msikilizaji. Mahali pa "Mmeelewa?" tuliweka swali lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo".

Miezi michache baadaye waliajiriwa wengine, nami nikaalikwa kusikiliza. Meneja alisahau kutaja kantini, akasema choo mara mbili, watu wakacheka naye akacheka. Alipofika kwenye swali, kijana mmoja wa safu ya nyuma alijibu kwa ujasiri mkubwa: "Saa saba na nusu!" Meneja hakukunja uso. Aliinua mkono wake wa kushoto, akawaonyesha saa ya mshale aliyovaa, akasema polepole, "Saa moja na nusu, asubuhi. Tuseme pamoja." Wakasema.