Mnunuzi Mwenye Kamati: Jinsi ya Kumwandikia Yule Atakayekusemea

Wewe mkulima wa skimu, mathalani huko Kinangop au Ol Kalou, ukitaka kuuza viazi kwa shule ya bweni ya watu binafsi, mara nyingi mtu wa kwanza kuonana nawe ni mtunza stoo. Huyo hutazama viazi vyako, huvikata kimoja kwa kisu, na pengine hufurahi. Kisha husema, "Viazi ni vizuri, lakini sina budi niulize kamati." Wakulima wengi wakisikia hivyo huandika barua ya kuisifu mali yao, humpelekea, na kungoja. Majibu hayaji, au huja neno moja tu, kwamba kamati imekataa.

Mara nyingi barua hiyo huwa imeandikwa kwa mtu asiyeihitaji. Mtunza stoo amekwisha kuona viazi, wala hana haja ya kushawishiwa tena. Walio na neno la mwisho ni mwalimu mkuu, mhasibu, na wengine wawili au watatu ambao hawajakuona wewe wala viazi vyako. Siku ya mkutano wewe hutakuwapo. Atakayesema kwa ajili yako ni mtunza stoo peke yake, na kama hukumpa maneno ya kusema, atasema "ni viazi vizuri" kisha atanyamaza. Mhasibu atauliza swali moja tu la fedha, na shauri litakwisha hapo.

Basi kazi ya barua yako ni kumpa mjumbe huyo majibu kabla hajaulizwa.

Uliza kwanza, kisha uandike

Kabla ya kushika kalamu, rudi kwa mtunza stoo umwulize mambo manne. Kamati hukutana lini? Ni akina nani wanaoketi, na kila mmoja huangalia nini? Sasa shule hununua viazi wapi, kwa bei gani, na huvifikishaje shuleni? Na mara ya mwisho mtu alipoleta shauri kama hili, walimwuliza nini?

Majibu yake yatakuonyesha pia kama kweli anaweza kukusemea. Akiwa hajui siku ya mkutano, wala hakumbuki swali hata moja la kamati, huenda yeye mwenyewe hafiki mezani. Hapo mwombe kwa heshima akuambie ni nani anayepeleka mambo ya stoo mbele ya kamati, na kama anaona vema mwende pamoja kwa huyo. Usimruke ukaenda peke yako, maana ukifanya hivyo utampoteza mtu wa kwanza aliyekukubali.

Hesabu iwe ya shule, isiwe yako

Tuchukue mfano. Shule ina wanafunzi 400, na hula viazi mara mbili kwa wiki. Mtunza stoo hutoa gramu 300 za viazi visivyomenywa kwa kila mwanafunzi. Hiyo ni kilo 120 kwa mlo mmoja, na kilo 240 kwa wiki, basi hununua mifuko mitano ya kilo 50, yaani kilo 250. Sokoni hulipa shilingi 36 kwa kilo. Wewe na wenzako watano mnataka shilingi 41, mkivileta mpaka mlango wa stoo.

Mkiandika "bei yetu ni shilingi 41" na kukoma hapo, mmekwisha kushindwa, kwa sababu mhasibu ataona 41 na 36, naye atachagua 36. Lakini mtunza stoo amekuambia kwamba kila wiki shule hukodi gari kwa shilingi 1,800 kwenda kuchukua viazi. Basi fedha zinazotoka kwa kweli ni shilingi 9,000 za viazi na shilingi 1,800 za gari, jumla shilingi 10,800. Kwenu ni shilingi 10,250, wala hakuna gari la kukodi. Shule itabakiza shilingi 550 kila wiki, na katika muhula wa wiki 12 itabakiza shilingi 6,600.

Hapa pana hatari moja inayowaangusha wengi. Je, gari hilo huchukua viazi tu, au hurudi pia na kabeji, vitunguu na mkaa? Ikiwa gari litakwenda sokoni hata bila viazi, basi shilingi 1,800 hazitaokolewa, na ninyi mtakuwa ghali kwa shilingi 1,250 kila wiki. Mhasibu akiligundua hilo mbele ya kamati, atakayeona haya ni mtunza stoo, naye hatakusemea tena. Kwa hiyo iandike hesabu mbele yake, kwa tarakimu zilizomo katika daftari lake, ukamwulize, "Mhasibu akiitazama hii, ataona kosa wapi?" Ikiwa gari huleta vitu vingine, iache hoja ya gari kabisa. Tafuta nyingine iliyo ya kweli, kama viazi vinavyotupwa kila wiki kwa kuoza au kwa kuwa kijani, ikiwa yeye mwenyewe huvipima na kuandika.

Karatasi mbili

Andika karatasi mbili, zisiwe katika waraka mmoja. Ya kwanza ni barua fupi kwa mtunza stoo mwenyewe, ya kumshukuru na kumwambia kwamba ya pili ni ya kamati. Yale mliyoongea ninyi wawili, kama vile nani ni mgumu au nani hapendi kubadili, yasiandikwe popote. Karatasi ya pili ndiyo atakayoiweka mezani. Isizidi ukurasa mmoja, naye apewe nakala za kutosha kila mjumbe. Picha ya barua katika simu husomwa na mtu mmoja, lakini karatasi hupitishwa mkono kwa mkono na hubaki katika faili.

Karatasi hiyo isimseme vibaya yule anayeuza sasa. Hujui ni nani aliyemleta, na huenda aliyemleta ameketi pale pale mezani. Tena usitie ndani yake zawadi wala ahadi ya "chai" kwa mtu yeyote, maana karatasi ya namna hiyo mjumbe wako hawezi kuionyesha.

Hii ni mfano wa karatasi ya kamati:

*Kwa Kamati ya Shule. Kuhusu: Viazi vya stoo.*

*Tunaomba Kamati ikubali jaribio la wiki tatu: mifuko mitano ya kilo 50 kila Jumatatu asubuhi, kwa shilingi 41 kwa kilo, mpaka mlango wa stoo. Bei haitabadilika katika wiki hizo tatu. Baada ya hapo Kamati iamue kuendelea au kuacha.*

*Gharama. Sasa: viazi shilingi 9,000 na gari la kukodi shilingi 1,800, jumla shilingi 10,800 kwa wiki. Kwetu: shilingi 10,250 kwa wiki. Tarakimu za sasa ni za daftari la stoo.*

*Uzito. Viazi vitapimwa kwa mizani ya stoo, na shule italipa kilo zilizopimwa tu. Hatuuzi lumbesa.*

*Ubora. Kiazi kilichooza, kilichokatwa kwa jembe au kilicho kijani hakitalipiwa, nasi tutakibadili kwa kizuri kabla ya Jumatano.*

*Uhakika. Tu wakulima sita. Kila mmoja ametenga robo eka ya Shangi, na tumepanda kwa zamu, kila mmoja achimbe kwa wiki mbili. Katika zamu yake kila mmoja atahitajiwa mifuko 10. Tunatarajia apate 15, na inayozidi ndiyo akiba.*

*Malipo. Siku 14 baada ya kupokea, kwa hati ya kupokelea iliyotiwa sahihi na stoo.*

*Kasoro. Shangi huchipua upesi, kwa hiyo haifai shule inunue ya mwezi mzima mara moja. Ndiyo sababu tunaleta kila wiki.*

Tazama jinsi ilivyopangwa. Ombi liko juu kabisa, kwa maneno ambayo katibu anaweza kuyanakili katika kumbukumbu za mkutano. Nalo ni ombi dogo. Kamati inayoogopa kufunga mkataba wa muhula haina sababu kubwa ya kukataa wiki tatu, na mtunza stoo hajiweki hatarini kwa kuliunga mkono. Kila fungu linalofuata ni jibu la mtu mmoja aliyeketi mezani: gharama na malipo ni ya mhasibu, ubora ni wa mpishi, na uhakika ni wa mwalimu mkuu, ambaye huogopa siku ya Jumatatu wanafunzi 400 wakose chakula.

Fungu la mwisho wengi huliogopa. Lakini kasoro ya Shangi yajulikana na kila mpishi. Akiitaja mpishi mbele ya wengine, mjumbe wako ataonekana kama aliyefichwa jambo. Ikitajwa na ninyi wenyewe, pamoja na dawa yake, haitakuwa silaha tena mkononi mwa mtu. Usitaje, hata hivyo, dawa msiyoweza kuitimiza. Ikiwa wakulima wote sita mmepanda wiki moja, msiandike kwamba mna zamu. Ombeni wiki mbili tu, au ngojeni msimu ujao.

Baada ya mkutano

Kabla ya siku ya mkutano, mwombe mtunza stoo aisome karatasi akabadili anachotaka. Akifuta neno, likubali, kwa sababu mtu hutetea vizuri yale aliyoyaweka kwa mkono wake. Mkutano ukiisha, usimwulize tu kama wamekubali. Mwulize, "Walisema nini?" Akisema kwamba mwalimu mkuu aliuliza gari likikwama kwa mvua itakuwaje, una swali la kujibu kwa karatasi nyingine fupi kabla ya mkutano ujao. Lakini akisema walikataa bila kuuliza neno, huenda karatasi haikusomwa. Mwombe akuambie kwa upole kama ilifika mezani.

Yote haya yafaa kwa shule za watu binafsi, hoteli, hospitali za misheni na vyama vya ushirika. Shule za serikali hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015. Huko kamati haiwezi kukununulia kwa barua tu, hata ikiwa nzuri namna gani, maana wauzaji hushindanishwa kwa maandishi. Hapo ombea kikundi chenu kiandikwe katika orodha ya wauzaji wa shule. Mkiletewa hati ya kuulizwa bei, jazeni yale yaliyoulizwa, na kuirudisha kabla ya saa iliyotajwa.