Mashine Imegoma, Nguo Zimeloa Ndani

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ikisimama katikati ya kazi, jambo la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya ni kuvuta mlango. Haufunguki. Kwenye kioo unaona maji ya povu yamefika nusu, mashuka yamejikunja humo, na mkono unarudi tena kwenye kishikio. Mlango huo usiulazimishe. Kufuli yake imewekwa makusudi ili maji yasimwagike sakafuni, na kishikio cha plastiki kikikatika, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Maji yatoke kwanza. Mlango utafuata wenyewe.

Kabla ya kugusa chochote, tazama mashine imesimamia wapi. Ikiwa imesimama mwanzoni kabisa na nguo bado ni kavu au zimelowa kidogo tu, shida iko kwenye maji yanayoingia: koki imefungwa, mpira umejikunja, au bomba la mtaa limekauka. Ikiwa nguo zimeloa lakini kwenye kioo huoni maji, maji yameshatoka na mashine imeshindwa kukamua, mara nyingi kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Ila kama imefua vizuri, ikafika mahali pa kusuuza au kukamua, kisha ikasimama na maji yake tumboni, basi imeshindwa kuyatoa. Hapo kioo cha namba huwa kinasema: mashine za LG huandika OE, za Samsung 5C au 5E, za Bosch E18. Zote zinamaanisha kitu kimoja, kwamba maji hayatoki.

Na kama umeme ndio umekatika, au Luku imeisha katikati ya kufua, mashine yenyewe pengine ni nzima. Katika hali hiyo subira inatosha. Mashine nyingi za kisasa hukumbuka zilipoishia, na umeme ukirudi zinaendelea.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoleta hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Mtu anaona nyumba iko gizani, anaamua kutoa maji, anafungua kichujio cha chini bila kuchomoa plagi kwa kuwa “umeme wenyewe haupo.” Dakika chache baadaye umeme unarudi. Mashine inakumbuka kazi yake, inafungua maji ya bomba, nayo yanapita moja kwa moja kwenye tundu lililo wazi chini, huku yeye amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, mbele ya mashine yenye umeme. Kwa hiyo plagi inachomolewa hata kama mtaa mzima hauna umeme, na koki ya maji inafungwa. Kama mashine imechomekwa kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, zima swichi ya ukutani, chomoa ekstensheni yenyewe, uinyanyue juu ya kiti au meza. Maji yatakayomwagika yatakwenda huko huko ilikokuwa. Mikono iwe mikavu unapogusa plagi, na ukikuta sakafu karibu na soketi imeshalowa, usiisogelee: kakate umeme kwenye swichi kuu ya nyumba.

Jambo la pili ni joto. Kama ulikuwa unafua taulo au mashuka meupe kwa nyuzi 60, maji yaliyomo yanaweza kuunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Weka mgongo wa mkono kwenye kioo. Kikiwa bado cha moto, acha mashine ipoe. Kwa kawaida saa kadhaa haziharibu nguo.

Nilimtazama fundi mmoja akifanya kazi hii Tabata, Dar es Salaam, kwenye mashine ya kilo 7 iliyogoma na sare za shule na mashuka mawili ndani. Mwenye nyumba alikuwa amesogeza ndoo mbele ya mashine. “Ndoo haitaingia hapo, mama,” fundi akamwambia. “Nipatie sinia na madekio, hata taulo kuukuu.” Alikuwa na haki. Kichujio cha pampu kiko chini kabisa, pembeni mbele, nyuma ya kijimlango cha plastiki kinachobanduliwa kwa sarafu au bisibisi bapa, sentimita chache tu kutoka sakafuni. Chombo pekee kinachopita hapo ni kile kifupi: sinia, trei ya kuokea, au koleo la taka la plastiki.

Pembeni mwa kichujio, mashine nyingi zina kampira kadogo chenye kizibo. Hicho ndicho cha kuanza nacho. Kivute nje, elekeza mdomo wake kwenye sinia, toa kizibo, acha maji yatoke mpaka sinia ikaribie kujaa, rudisha kizibo, kamwage, rudi tena. Inachosha. Mashine iliyosimama na maji nusu ya kioo inaweza kuwa na lita 10 na zaidi zisizoshikwa na nguo, na sinia la kawaida linabeba lita mbili au tatu bila kumwagika. Yule fundi hakuharakisha, na sakafu ya yule mama ilibaki karibu kavu.

Mashine yako ikiwa haina kampira hako, kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui. Ule mpira mkubwa wa nyuma unaotoa maji machafu umepandishwa juu kwa makusudi, na umebanwa kwenye mgongo wa mashine karibu na kimo cha kiuno. Ukiufungua kwenye vibanio vyake na kuulaza wote chini, mdomo ukiwa ndani ya beseni au kwenye tundu la maji la bafuni, maji mara nyingi hutoka yenyewe kwa kuteremka. Yasipotoka, au yakitoka kwa matone, umejua kitu kimoja cha maana: kizuizi kiko kati ya pipa la nguo na mdomo wa mpira, na mahali pa kwanza pa kushuku ni kichujio.

Kichujio hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kushoto, robo ya mzunguko kwa wakati. Maji yakianza kuchuruzika, simama hapo, yaache yajaze sinia, kaza, kamwage. Ukikifungua chote kwa mara moja wakati pipa lina maji, hutaweza kukirudisha, kwa sababu maji yanasukuma na uzi wa kichujio hauingii vizuri mikono ikiteleza. Maji yakiisha ndipo kinatolewa kabisa.

Kwenye mashine ya yule mama kilitoka na soksi ndogo ya mtoto, nyeupe, imejiviringa kwenye kichujio pamoja na nywele na utando wa sabuni. Fundi hakuishia hapo. Aliwasha tochi ya simu akamulika ndani ya tundu, kisha akaingiza koleo refu la ncha nyembamba, si kidole, akatoa sarafu ya shilingi 200 iliyokuwa imesimama ubavu kwenye mapanga ya pampu. Nilimuuliza kwa nini si kidole. Pini za nywele, waya za sidiria na vipande vya vifungo vilivyovunjika hukaa mahali hapo hapo, akasema, na ndani ya maji ya sabuni huvioni. Kisha akayasukuma mapanga kwa ncha ya bisibisi. Yalizunguka kwa kusitasita, hatua kwa hatua. Ndivyo yanavyotakiwa: kuna sumaku inayoyashika. Yakikataa kabisa kuzunguka, bado kuna kitu. Yakizunguka huru bila kushikwa hata kidogo, pampu yenyewe inawezekana imevunjika.

Baada ya maji kutoka, mlango huenda usifunguke papo hapo. Kufuli nyingi huchukua dakika moja au mbili baada ya umeme kukatika kabla ya kulegea. Ukifunguka, toa nusu ya nguo uzikamue kwa mkono ndani ya beseni, na nguo nyeupe zitoke kwanza zisije zikashika rangi za wenzake. Usizirudishe zote mara moja. Shuka lililojaa maji ni zito mno, na likijikusanya na taulo upande mmoja, mashine itakataa kukamua na utadhani bado imeharibika.

Kosa la kuwasha upya ni kuanza programu nzima kutoka mwanzo, tena kwa sabuni nyingine. Kichujio kikisharudishwa na kukazwa, mimina lita moja hivi ya maji safi kwenye droo ya sabuni kabla ya kuchomeka plagi, kisha futa sakafu mbele ya kichujio ikauke na usubiri kidogo. Tone likionekana, mpira wa kichujio haujakaa sawa au kuna uchafu kwenye uzi. Kifungue, kisafishe, kirudishe. Pakibaki pakavu, fungua koki, chomeka, na uchague programu ya kutoa maji na kukamua peke yake, kasi ndogo. Sikiliza. Pampu nzima hunguruma na ndani ya muda mfupi maji husikika yakipita kwenye mpira wa nyuma. Yakishapita ndipo unarudisha nguo zote na kuchagua kusuuza na kukamua. Kama zililala na maji usiku kucha katika joto la pwani, zitakuwa zimeanza kunuka, na hapo tu ndipo kuna sababu ya kuzifua upya.

Jambo moja zaidi, maana linaonekana katika nyumba nyingi za kwetu ambazo mashine imewekwa bafuni. Mpira wa maji machafu umetupwa tu sakafuni, mdomo ukielekea kwenye tundu. Kwa kumwaga unafaa, lakini kwa kufua haufai: maji yanayoingia yanateremka na kutoka hapo hapo, mashine inajaza isijae, mwishowe inasimama na kulalamika. Mdomo wa mpira unatakiwa uwe juu kiasi cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, umefungwa usidondoke, na usizamishwe ndani ya maji machafu.

Yapo yasiyo ya mwenye nyumba. Pampu ikinguruma na maji hayatoki ilhali kichujio ni kisafi, kizuizi kimeingia kwenye mpira wa ndani. Pampu ikiwa kimya kabisa, imekufa au waya wake umekatika. Ikinuka kuungua, au swichi kuu ikijizima kila unapowasha, usijaribu mara ya tatu. Mwambie fundi mashine ilisimamia hatua gani, kioo kiliandika herufi gani, na kama pampu ilisikika au la. Kwa maneno hayo matatu atajua kama aje na pampu mpya mkononi au aje na vifaa vya kuzibua mpira tu.