“Bought” Si Kununua

Mwenzetu aliyehamia meza ya mauzo hivi karibuni alipiga simu shule moja iliyohitaji pampu ya maji ya sola. Mtunza stoo akamwambia, “Tunaihitaji hiyo.” Mwenzetu akafungua HubSpot, programu tunayofuatilia wateja, yenye skrini ya Kiingereza. Akaona hatua iitwayo Decision Maker Bought-In. Kwa kuwa “bought” ni kununua, akaiweka biashara hapo. Jioni bosi akauliza hela ziko wapi. Nilimwandikia maelezo haya:

“Kaka, anza na Lead. Huyo ni mtu aliyeonyesha nia tu. Kwenye Lead Status, New ni yule ambaye hujamgusa, Attempted to Contact umempigia hajapokea, Connected mmeongea. Akisema bajeti yao inatoka Januari, chagua Bad Timing, usimweke Unqualified. Huyo wa Unqualified hatufai kabisa, na hakuna atakayemrudia.

“Kukiwa na jambo la kuuziana, unafungua Deal. Hatua zake zinafuatana hivi: Appointment Scheduled, mmepanga kukutana, Qualified To Buy, umethibitisha ana shida na ana uwezo wa kulipa, Presentation Scheduled, mmepanga siku ya kumwonyesha bidhaa, Decision Maker Bought-In, mwenye kauli ya mwisho amekubali, ingawa hajalipa, Contract Sent, mkataba umemfikia. Mwisho ni Closed Won, tumepata, au Closed Lost, tumekosa. Closed peke yake maana yake shauri limekwisha, haisemi limekwishaje.

“Sasa tazama Amount, thamani ya biashara. Pampu ile ni shilingi 18,000,000. Kila hatua ina asilimia yake, na programu inaizidisha na Amount kukisia mapato. Kama hakuna aliyebadilisha asilimia zilizokuja na programu, Bought-In ni 80, kwa hiyo bosi aliona 14,400,000. Lakini mtunza stoo hana kauli ya mwisho, anayo mkuu wa shule, na mmepanga tu kukutana naye Jumanne. Hiyo ni Appointment Scheduled, asilimia 20, yaani 3,600,000. Tofauti ya 10,800,000 ingeweza kutufanya tuagize mzigo kwa fedha ambazo hazipo.

“Close Date nayo uliijaza tarehe ya simu yako. Panapotakiwa ni siku unayotarajia mteja atakubali au kukataa. Ikipita na biashara bado iko wazi, mpigie, kisha uweke tarehe mpya aliyokupa.

“Kabla ya kusogeza hatua, jiulize: mteja amefanya nini, na ni nani aliyekifanya?”

Jumanne alikwenda shuleni. Mkuu alimwambia ombi lazima lipite kwanza kwenye bodi. Mwenzetu aliporudi hakuisogeza biashara. Alibadilisha Close Date tu, akaweka siku ya kikao cha bodi.