Kabla ya kuandika majina ya wadhamini, wapigie simu kwanza

Kijana wetu wa kwanza alimaliza stashahada ya uhasibu, akaanza kutuma maombi ya kazi. Tulipofika kwenye sehemu ya wadhamini watatu, baba yake alichukua kalamu mwenyewe. Wa kwanza alimwandika kaka yake, mtumishi mstaafu anayeheshimika. Wa pili alikuwa diwani wa zamani aliyewahi kula pilau kwetu siku ya Idi. Nafasi ya tatu alijazwa mhadhiri mmoja wa chuoni, na namba yake ya simu tuliitoa kwa kijana aliyesoma naye. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa. Tuliona tumempa mtoto majina mazito.

Kampuni moja ilimwita kwenye usaili, akafanya vizuri, kisha kimya. Baadaye dada wa rasilimali watu alimweleza kwa upole kilichotokea. Simu ya diwani haikupatikana kabisa. Baba mkubwa alipokea na kusema, "Huyo ni mwanangu, mpeni kazi, hana shida." Mhadhiri alisema jina analisikia, lakini darasa lile lilikuwa na wanafunzi wengi na hawezi kusema lolote la uhakika.

Nasimulia haya kwa sababu wazazi wengi tunafanya hivyo hivyo kwa nia njema. Tunadhani mdhamini ni mtu wa kumbeba mtoto, kumbe anayepiga simu anataka shahidi. Anauliza: ulimfahamu wapi, kwa muda gani, alifanya kazi gani, alikuwa anafika kwa wakati, pesa au nyaraka alizishika vipi? Asiyewahi kumwona mtoto akifanya kazi hana cha kujibu, hata kama cheo chake ni kikubwa. Ndugu naye, hata akisema kweli tupu, neno lake linahesabiwa kuwa la ndugu.

Safari ya pili tulimwachia kijana mwenyewe achague, sisi tukabaki kuuliza swali moja tu: huyu alikuona ukifanya nini? Akamtaja mhasibu wa chama cha akiba na mikopo alikofanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Yule mama alimfundisha kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa wiki, na aliwahi kumrudisha mezani hadi aione stakabadhi iliyopotea. Wa pili alikuwa mwalimu aliyesimamia ripoti yake ya mwisho, ambaye aliisoma rasimu zaidi ya mara moja. Wa tatu ni katibu wa kamati ya msikiti, ambako kijana alitunza hesabu za michango ya ujenzi. Hakuna mheshimiwa hata mmoja, lakini kila mmoja ana kisa cha kusimulia.

Sasa kuomba. Hapa kuna tatizo la neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu, mdhamini ni yule anayesaini mkopo wa mwenzake, au anayesimama mahakamani mshitakiwa apate dhamana. Ukimwambia mtu mzima "naomba uwe mdhamini wangu" bila maelezo, moyo unamdunda. Yule mhasibu kwanza aliuliza, "Mwanangu, nikisaini halafu ukakimbia na pesa za watu, nitalipa mimi?" Kijana akamfafanulia kwamba hasaini dhamana ya fedha. Atapigiwa simu au kuandikiwa barua pepe, aeleze anachokijua, basi.

Kwa mtu aliyekuzidi umri, piga simu kwanza, si saa za kazi nyingi wala usiku. Msalimie, jitambulishe kana kwamba amekusahau, maana pengine amekusahau kweli. Kisha mpe mlango wa kutokea. Watu wetu hawapendi kusema hapana usoni, kwa hiyo ni wajibu wa mwombaji kuirahisisha hiyo hapana. Anayejibu "haya, andika tu" bila hata kuuliza ni kazi gani, mara nyingi amekubali kwa aibu. Anayeuliza tarehe na jina la kampuni ndiye atakayepokea simu. Ukisikia kusita, shukuru na umtafute mwingine bila kununa.

Akikubali, mtumie ujumbe wa kumbukumbu. Kijana wetu alimwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Ni yule mwanafunzi aliyekuwa ofisini kwako kwa mafunzo ya wiki nane, niliyekuwa nalinganisha taarifa za benki. Nashukuru kwa kukubali niandike jina lako. Nafasi ninayoomba ni ya mhasibu msaidizi, tangazo na wasifu wangu nimeambatisha. Huenda wakakupigia kwa namba usiyoifahamu mwezi huu. Naomba unithibitishie jina lako kamili, cheo, sanduku la posta, simu na barua pepe unayoisoma. Kama hali imebadilika na huna nafasi, niambie tu mama, nitaelewa."

Lile neno la namba usiyoifahamu lina kazi yake. Siku hizi wengi hawapokei simu ngeni kwa kuogopa matapeli. Na barua pepe iwe ile anayoifungua kweli, si ya ofisi aliyokwisha kuiacha.

Limebaki swali ambalo vijana huulizana sana: je, waandike tu kwamba "wadhamini watatajwa wakihitajika"? Maneno hayo huja na vielelezo vya wasifu vinavyonakiliwa mtandaoni, na wengi huyaacha bila kuyafikiria. Soma tangazo kwanza. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfano, hutaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na mfumo wao wa maombi una sehemu ya kuwajaza. Pale wamekwisha kuhitaji. Ukiandika kwamba utawataja wakihitajika, hujatimiza sharti, na ombi linaweza kuishia hapo.

Tangazo likinyamaza, mimi naona usiandike majina wala usiandike sentensi hiyo. Kila mwajiri anajua kwamba akiyataka majina utampa, kwa hiyo mstari huo haumwambii kitu. Tena wasifu hupita mikononi mwa watu wengi, na namba za simu za wazee wako hazina sababu ya kuzunguka nao. Weka ukurasa mmoja wa wadhamini pembeni, wenye majina na maelezo yao, uutoe siku utakapoombwa.

Kuna mahali pamoja tu ninapoikubali kauli ya namna hiyo, nako ni kwa mtu aliye kazini ambaye bosi wake hajui kwamba anatafuta pengine. Huyo asiandike kwa mafumbo. Aseme wazi kwenye barua ya maombi: "Naomba mwajiri wangu wa sasa asiulizwe mpaka nitakapopewa nafasi." Na kama tangazo linataka majina matatu, ataje watatu kutoka kwingine, kama mkuu wake wa zamani.

Wala barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa isichanganywe na haya. Ile inathibitisha unakoishi, nayo huombwa peke yake.

Yule mhasibu alipigiwa siku ya Jumanne, akazungumza dakika kama kumi, na sehemu kubwa ilikuwa kuhusu ile stakabadhi iliyopotea. Kijana alipopata barua ya kazi, mtu wa kwanza kumpigia baada yetu alikuwa yeye. Baba mkubwa bado analalamika kwamba tulimfuta.