Fedha za Mfadhili Huwa Mapato Lini?

Mjumbe wa bodi anafungua hesabu za mwaka za shirika lake na kukuta mapato ya shilingi milioni 58 na nusu. Anakumbuka vizuri kwamba mfadhili alituma milioni 100, na barua ya benki aliiona kwa macho yake. Milioni 41 na nusu zimekwenda wapi? Mara nyingi hazijaibwa. Zimo kwenye ukurasa wa pili, kwenye mizania, upande wa madeni, na mstari wake unaitwa mapato yaliyoahirishwa.

Wengi hushangaa kusikia kuwa ruzuku ni deni. Lakini tazama mkataba wenyewe. Mfadhili hakusema "chukueni, mtumie mpendavyo". Alisema fedha hizi ni za visima vitatu na mafunzo ya kamati za maji katika vijiji vilivyotajwa, bajeti ni hii, muda ni huu, na kitakachobaki kirudishwe. Hiyo ndiyo ruzuku yenye masharti. Siku fedha zinapoingia benki, shirika halijafanya chochote cha kulifanya lizimiliki. Kwa hiyo mhasibu anaongeza salio la benki na kuandika kiasi hicho hicho kuwa dhima. Baadaye, kila gharama ya mradi inapotokea, anaihamisha sehemu inayolingana nayo kutoka kwenye dhima kwenda kwenye mapato. Gharama na mapato vinatembea sambamba, na mradi hauonyeshi faida wala hasara.

Kanuni hii imo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 20. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya ruzuku za serikali, lakini mashirika mengi yasiyo ya kiserikali huiazima kwa ruzuku za wafadhili. Si njia pekee. Misaada ya hisani ya Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida huandika ruzuku kuwa mapato mara shirika linapopata haki nayo, kisha huionyesha katika fungu la pekee lenye masharti. Huko shirika letu lingeonyesha ziada ya milioni 41 na nusu ambayo haliwezi kununulia hata kalamu nje ya mradi. Mimi naona njia ya kuahirisha inampunguzia msomaji wa kawaida nafasi ya kudanganyika.

Ugumu uko kwenye swali dogo: gharama imetokea lini? Tuchukue shirika la mfano linalochimba visima wilayani Handeni. Milioni 100 ziliingia wiki ya kwanza ya Julai, na mwaka wa hesabu unafungwa Desemba 31. Siku hiyo benki ina milioni 28, maana yake milioni 72 zimetoka. Mhasibu mwenye haraka atahamisha milioni 72 kwenda mapato na kwenda zake nyumbani kula sikukuu. Atakuwa amekosea, kwa sababu fedha kutoka benki si lazima iwe gharama.

Katika zile milioni 72, milioni 12 ni malipo ya awali kwa mkandarasi wa kisima cha tatu, ambaye hata mashine hajaileta kijijini. Hiyo si gharama bado. Ni kazi tunayomdai. Milioni 3 nyingine ni masurufu aliyopewa afisa wa mradi kwa safari ya mwisho wa Desemba, na hajayarejesha. Mpaka alete stakabadhi, karatasi za mahudhurio na sahihi za waliolipwa posho, fedha zile ni deni lake yeye. Halafu kuna milioni 4 za pikipiki, iliyonunuliwa mara tu fedha zilipoingia. Pikipiki itatumika miaka minne, hivyo gharama yake ni uchakavu wa milioni moja kwa mwaka, na kwa nusu mwaka ni shilingi 500,000 tu.

Ukitoa hayo matatu, zinabaki milioni 53 za gharama halisi: mishahara, uchimbaji wa visima viwili, mafuta, mafunzo. Lakini upo upande wa pili ambao husahaulika zaidi. Mafundi walifunga pampu Desemba, kazi ikakabidhiwa, na ankara yao ya milioni 5 haijalipwa. Kazi imefanyika, kwa hiyo gharama imetokea ingawa benki haijaguswa. Milioni 53, jumlisha 5, jumlisha ile nusu ya uchakavu, unapata milioni 58 na nusu. Hicho ndicho kiasi kinachokwenda mapato, na milioni 41 na nusu zinabaki kuwa dhima.

Uzuri ni kwamba jibu hili linaweza kupimwa kwa njia nyingine. Kusanya vitu vyote vilivyotokana na ruzuku: benki milioni 28, malipo ya awali 12, masurufu 3, pikipiki yenye thamani iliyobaki ya milioni 3 na nusu. Jumla ni milioni 46 na nusu. Toa milioni 5 unazodaiwa na mafundi, zinabaki 41 na nusu. Zikilingana hivi, hesabu imekaa sawa.

Ripoti ya mfadhili, hata hivyo, itasema salio ni milioni 38. Usiogope. Mfadhili huihesabu pikipiki yote siku iliponunuliwa, wakati hesabu za mwaka zinaihesabu kidogo kidogo. Tofauti ni zile milioni 3 na nusu, na mhasibu mzuri huandika maelezo yake kwenye karatasi moja kabla mkaguzi hajauliza.

Mambo huharibika pale gharama isiyokubalika inapoingizwa. Tuseme ndani ya zile milioni 53 kuna milioni 2 za semina iliyofanyika mkoa mwingine, nje ya bajeti. Gharama imetokea kweli, ila haimhusu mfadhili huyu. Mapato yanayohamishwa yawe milioni 56 na nusu, dhima ibaki 43 na nusu, na milioni 2 zibebwe na mfuko wa shirika lenyewe. Kuzihamisha na kuomba mfadhili asione ni kuahirisha aibu, kwani mkaguzi akizikataa zitadaiwa, wakati mwingine miaka baada ya mradi kufungwa.

Baya kuliko hilo ni kukopa kimyakimya. Mradi mwingine umechelewa kupata fedha, mishahara imefika, mkurugenzi anasema "tuchukue huku, tutarudisha". Taarifa ya mapato na matumizi haitaonyesha kitu. Kinachoumbua ni benki: badala ya milioni 28 unakuta 18, na milioni 10 hazimo kwenye masurufu, malipo ya awali wala mali yoyote ya mradi. Shirika lenye miradi mitano kwenye akaunti moja linaweza kuficha pengo hilo muda mrefu, kwa sababu kila ruzuku mpya inaziba shimo la iliyotangulia.

Kwa hiyo ukiwa mjumbe wa bodi, usiishie kwenye mstari wa mapato. Mwombe mhasibu jedwali la kila ruzuku peke yake: salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichohamishwa kwenda mapato, salio la mwisho, na pembeni yake fedha na mali zinazolibeba salio hilo. Akikwambia litakuwa tayari wiki ijayo, na wiki ijayo ikapita, itisha kikao.