Kuziba Mruko

Fundi wa majahazi niliyemrekodi Nungwi, kaskazini ya Unguja, alizungumza dakika 22. Filamu ilitaka 3 tu. Nilikuwa na kamera moja, imesimama pale pale tangu mwanzo hadi mwisho. Tabu ya kamera moja huonekana siku ya kuhariri: ukitoa kikohozi katikati ya sentensi kisha ukaunganisha ncha mbili, maneno yanaweza kwenda sawa, lakini kichwa kinaruka. Mkono uliokuwa kifuani ghafla uko gotini. Mtazamaji anaacha kusikiliza, anabaki kujiuliza kilichotolewa ni nini.

Mwenye kamera mbili angehamia pembe ya pili. Mwenye moja huufunika mruko kwa picha nyingine, huku sauti ya msemaji ikiendelea chini yake. Picha hizo mafundi wa video huziita biroli, jina lililobaki tangu enzi za filamu ya milimita 16, pale mkanda wa A ulipobeba msemaji na mkanda wa B ukabeba picha za kumsindikiza.

Zamani nilikuwa nikipiga biroli kwanza, kabla mtu hajafungua mdomo: mawimbi, machweo, ngalawa zikirudi pwani. Zilikuwa picha nzuri ambazo hazikuhusiana na lolote lililosemwa. Siku hizi mahojiano hutangulia. Ninakaa na daftari gotini, na kila kitu au kitendo anachokitaja mzee ninakiandika. Alitaja mataruma, akataja pamba inayoshindiliwa kati ya mbao, akataja mkono wa baba yake. Maneno mawili ya kwanza yakawa orodha yangu ya mchana. La tatu halina picha, nami nitalirudia.

“Mwanangu, pamba leo hatutii,” aliniambia. “Njoo kesho asubuhi.”

Nilirudi. Kila tendo nililipiga kwa mbali, kwa karibu, kisha mikono peke yake: patasi ikiisukuma pamba ndani ya ufa, nyundo ikishuka. Kila picha niliishikilia huku nikihesabu hadi 10, kamera haitikisiki. Katika hariri nitahitaji sekunde 4, lakini mwanzo na mwisho wa picha mara nyingi huharibiwa na kidole kinachobonyeza kitufe. Picha za mikono ndizo zinazookoa zaidi, kwa sababu hazionyeshi mdomo. Ukifunika mruko kwa picha ya mtu yule yule anaongea, macho yatatafuta maneno kwenye midomo yake na hayatayapata.

Kwenye kompyuta sigusi biroli mpaka mazungumzo yamekatwa na kuunganishwa yote. Ninayasikiliza nimefumba macho. Mzee alisema, “Mbao zikishakaa, tunaziba nyufa,” simu ikalia, akaipokea, akarudi na kusema, “kwa pamba iliyotiwa mafuta.” Kiungo kiliangukia sekunde ya 14. Niliweka picha ya patasi juu yake, kwenye tabaka la V2, lakini sikuianzisha pale kwenye sekunde ya 14. Niliianzisha sekunde ya 12, aliposema “tunaziba”, nikaiondoa sekunde ya 17. Picha ikiingia pale pale penye kiungo, mtazamaji huhisi imeletwa kuficha kitu. Ikiitwa na neno, huwa sehemu ya maelezo.

Kuna viungo ambavyo biroli haiwezi kuviponya. Sauti ya mtu hushuka anapofunga sentensi. Ukikata katikati ya maneno na kuyamalizia kwa neno ambalo sauti yake ilikuwa bado inapanda, sikio linakataa, hata picha iwe nzuri vipi. Mandhari ya nyuma nayo ikikatika ghafla, hasa pwani penye upepo, kiungo kinasikika. Ndiyo maana kabla ya kufungasha huwaomba wote wanyamaze, nikarekodi sekunde 30 za mahali penyewe, nizitandaze chini ya viungo.

Lakini hatari kubwa zaidi ni kwamba mruko uliofunikwa vizuri hauonekani kabisa. Mzee alisema kazi hii ina faida “miaka ya mvua nzuri, watu wakivuna na kununua.” Ningeweza kukata baada ya “ina faida”, nikaweka picha ya jahazi jipya, na hakuna ambaye angejua. Lakini yeye angejua. Kabla ya kufunika kiungo huirudia sentensi yake nzima, kama ilivyotoka kinywani mwake, niangalie kama maana bado ni ile ile.

Pale alipomkumbuka baba yake, alinyamaza sekunde 5 akitazama mbao. Nilikuwa na kiungo kimoja karibu na hapo, nikakisogeza nyuma na kukifunika mapema kwa mikono yake, ili picha zirudi usoni kabla hajanyamaza. Kuanzia hapo hadi mwisho wa kauli sikuweka biroli yoyote.